Machozi ya Karanga

Kisa hiki kilianza kwa mfuko mmoja wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani na kupakiwa kwenye basi la Dar es Salaam pale Nyegezi, mwezi wa nane. Ndani yake Mayu, mama yetu, alikuwa ametia michembe, karanga na kichupa cha samli. Mzigo ulikuwa wa wifi yangu, mke wa kaka, mtu wa Tanga, ambaye mwezi wa sita alikuja kwetu Bujora wakati wa Bulabo. Alishinda kwenye viwanja vya makumbusho akiangalia Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, akarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, akapewa sahani ya michembe ya karanga. Alikula, akaongeza, akaomba na ya kesho asubuhi. Basi alipopata habari kwamba wazazi wake watamtembelea Jumapili, hakutaka kuwapikia wali wa nazi ambao wao ndio waliomfundisha. Alitaka chakula cha ukweni.

"Wifi, nitumie maelekezo kwenye watsapu," aliniambia. "Andika kila kitu."

Nikaandika kila kitu. Nilikaa chini ya mwembe na simu mkononi, nikaanza na bibi yetu aliyekuwa akianika viazi juu ya miamba ya nyuma ya nyumba, nikapita kwenye njaa ambazo michembe iliwavusha watu, nikaeleza kwa nini mwamba uliopata jua hukausha vizuri kuliko mkeka, na mahali fulani katikati, bila aya wala namba, nikaingiza mapishi. Kwenye simu ujumbe ulikuwa mrefu kiasi kwamba sehemu kubwa ilijificha mpaka ubonyeze kuifungua. Mayu alipoomba nimsomee, alitabasamu pale penye bibi. Penye mapishi alikuwa tayari ameinuka kufukuza kuku.

Jumapili saa saba mchana simu ikalia. Sikusikia salamu, nilisikia kikohozi na dirisha likifunguliwa.

Wifi alikuwa amesoma huku anapika, kama watu wote wanavyofanya. Alishachemsha michembe mikavu saa nzima ndipo alipofika kwenye sentensi yangu iliyosema, "lakini kabla ya hapo uwe umeiloweka." Alishamimina karanga kwenye sufuria iliyojaa, akafunika, akaenda kuwapokea wazazi wake mlangoni, kisha ndipo akasoma kwamba karanga hupanda kama maziwa. Ilikuwa imeshapanda. Ilizima moto wa gesi, ikashuka hadi sakafuni, na iliyobaki ndani ikaganda chini ya sufuria na kuungua. Michembe yenyewe ilikuwa imekuwa uji. Wakwe wa kaka walikula mkate na chai, na mama yake wifi, kwa adabu zake za Kitanga, akasema harufu ni nzuri.

Nilihuzunika, kwa sababu chakula kile ni cha Mayu, na mimi ndiye niliyekiharibu kutoka umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Maonyo yote yalikuwemo kwenye ujumbe wangu. Yalikuwa yamekaa nyuma ya tendo, na onyo likikaa nyuma ya tendo, msomaji hulikuta akiwa ameshaungua.

Lakini uji ulinisumbua. Michembe ambayo haikulowekwa, hata ukiipika saa nzima, haifiki kuwa uji. Nikamwomba wifi anitumie picha ya iliyobaki mfukoni. Nilipoikuza picha, nikamwita Mayu. Akatazama mara moja tu. "Hayo ni matobolwa," akasema. "Nilichukua gunia la upande wa ukutani."

Kwa wasio wa kanda ya ziwa: viazi vitamu ukivimenya vibichi, ukavikata vipande vyembamba na kuvianika, unapata michembe. Ukivichemsha kwanza, kisha ukavikata na kuvianika, unapata matobolwa. Vikiwa gunini vinafanana kwa mtu asiyevijua. Ukivunja kipande, tofauti iko wazi: michembe ndani ni myeupe na ina unga kama chaki, matobolwa ndani yanang'aa na yana rangi iliyokolea, magumu kama pembe. Matobolwa yalishaiva siku nyingi, unaweza hata kuyatafuna makavu njiani. Ukiyapa saa nzima ya moto, yanayeyuka. Kwa hiyo ujumbe wangu ungekuwa mfupi na safi namna gani, bado ungeanguka, maana haukumwambia mpishi ahakikishe ameshika nini mkononi.

Niliandika wa pili kwa hasira ya kujisahihisha. Ulikuwa na maneno yasiyofika ishirini: loweka, chemsha, tia karanga zilizosagwa kikombe kimoja, chumvi kiasi, koroga, epua. Safari hii aliupokea mpwa wangu anayesoma chuo hapo Mwanza, aliyepanga chumba Igoma na kupika mwenyewe. Nilimpa michembe kwa mkono wangu, nikaivunja mbele yake. Jioni akaniletea bakuli. Kulikuwa na madonge ya unga wa karanga makavu ndani, ya ukubwa wa punje ya mahindi, na mchuzi ulinuka ubichi ule wa maharage yasiyoiva. Alikuwa amemwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Akakoroga, kama nilivyosema. Akaepua, kama nilivyosema.

"Mama mdogo, hukuniambia mpaka lini," alisema.

Na kikombe je? Cha kwake ni kile kidogo cha chai. Cha Mayu ni cha bati, kinakaribia nusu lita. Tena yeye alipima karanga nzima ndipo akazisaga, wakati Mayu hupima unga uliokwisha kusagwa. Kikombe cha karanga zilizosagwa, kwa jinsi nilivyoandika, kinaweza kusomwa kwa namna zote mbili, na vikombe vikitofautiana kosa haliwi dogo. Ukitaja uzito, ugomvi unakwisha: robo kilo ya karanga ni robo kilo, iwe nzima au unga.

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nayajua mapishi ya Mayu. Nilikuwa najua kuyala. Nikaazima mizani ya duka la jirani, ile ya kupimia sukari, nikachukua daftari na kalamu, nikamwambia Mayu apike kama siku zote na asinijali.

Mayu hapimi. Mkono wake unapima. Ukimuuliza chumvi kiasi gani, anakuonyesha kiganja. Kwa hiyo sikumuuliza. Nilipima mfuko wa michembe kabla hajautia mkono, nikaupima tena alipomaliza: kilo mbili zimekuwa moja na nusu, basi amechukua nusu kilo. Maji niliyaweka kwenye chupa mbili za lita moja na nusu, nikaona kilichobaki: ametumia lita mbili kupikia, ukiacha ya kulowekea. Chumvi nilimpa kwenye kisahani chenye vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, akarudisha kimoja. Kazi hiyo si ngeni duniani. Mwaka 1845 Mwingereza mmoja, Eliza Acton, alitoa kitabu cha mapishi ya nyumbani kilichoorodhesha kando viungo na vipimo vyake pamoja na muda wa kupika, jambo ambalo waandishi waliomtangulia walikuwa wakilitawanya ndani ya maelezo. Yeye aliiweka orodha mwisho wa kila pishi. Kwa mtu anayesoma simuni na mikono imelowa, mwanzo ndipo mahali pake.

Vipimo vilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kuona yale ambayo Mayu anafanya bila kujua kwamba anafanya.

Kabla ya kusaga, alimwaga karanga kwenye ungo, akawa anazungumza nami habari za msiba wa jirani huku vidole vikitembea. Hakuzitazama sana. Lakini kila karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye vumbi la kijani aliitupa, na hakuitupa kwa kuku, aliitupa motoni. Nilimuuliza kwa nini. "Zina uchungu," akasema. Mimi najua jina lake jingine, sumukuvu, sumu ya ukungu inayoingia kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi, na moto wa jikoni hauiondoi. Maisha yake yote Mayu amekuwa akituepusha nayo kwa vidole vyake, na katika ujumbe wangu wa maneno mengi, kuchagua karanga hakukuwemo hata mara moja. Nisingekuwa na daftari nisingeona.

Kisha maji ya kulowekea aliyamwaga, tena aliyatazama kwanza: yalikuwa na mchanga wa mwamba chini. Kisha alichagua sufuria kubwa kuliko nilivyotarajia. Kisha, michembe ikichemka, alitoa kipande kwa mwiko, akakivunja, akakirudisha. Baada ya muda akatoa kingine. Nikamwomba anionyeshe. Katikati ya kipande palikuwa na mstari mweupe mwembamba, sehemu ambayo maji hayajafika. "Huo ukiwepo, bado," akasema. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika dakika 40. Nikaandika na mstari mweupe, kwa sababu dakika 40 ni za kuni za Mayu na vipande vya kisu cha Mayu. Mstari mweupe utakuwa uleule kwenye gesi ya Dar.

Karanga alizikoroga pembeni na maji ya uvuguvugu mpaka zikawa kama uji mwepesi wa mtoto, akajaribu donge kwa kidole, akamimina, akavuta kuni mbili nje ya mafiga. Akabaki akikoroga, mwiko ukisugua chini. Dakika za kwanza jikoni palinuka ubichi. Niliandika. Baadaye harufu ikageuka, ikawa ile inayowafanya watoto wa jirani waanze kupita pita. Niliandika. Mayu hakuepua. Nikamuuliza anangoja nini.

"Bado haijalia."

Nikasogea. Uso wa mchuzi ulikuwa mweupe, mzito, unatoa mapovu polepole. Kisha pembeni, pale mwiko ulipopita, pakatokea kitone cha mafuta kidogo kama kichwa cha pini, chenye rangi ya dhahabu. Kikafuata kingine. Kwa muda mfupi uso mzima ukawa na vitone, kama shavu la mtu aliyekuwa akijizuia. Mayu akaepua palepale. Saa yangu ilionyesha dakika 20 tangu karanga zimiminwe.

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Katika ujumbe wa kwanza nilikuwa nimejitahidi sana kumweka Mayu ndani: hadithi ya bibi, miamba, njaa. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililomsaidia wifi kushika mwiko. Katika ujumbe wa pili nilimtoa Mayu kabisa, na mpwa wangu akala donge. Na sasa hapa palikuwa na maneno mawili ya Mayu mwenyewe ambayo ni urembo na ni maelekezo kwa wakati mmoja, kwa sababu karanga zilizoiva huachia mafuta yake, na kulia ni kuachia mafuta. Sikuhitaji kuchagua kati ya utamu na uwazi. Nilihitaji kumsikiliza kwa ajili ya kitu kimoja: ni maneno yake gani yanayoonyesha jicho mahali pa kutazama? Hayo nikayabakiza. Kauli yake kwamba michembe ni chakula cha watu wenye subira ni nzuri, nimeipenda, nikaiacha nje.

Nikaandika wa tatu, na kabla ya kuutuma nikamwita binti wa jirani ambaye kwao ni Ukerewe na hajawahi kupika michembe ya karanga. Nikampa simu, vitu vyote, na sharti: aniulize chochote ila mimi sitajibu, nitaandika tu. Aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza: "Haya maji ya kulowekea nayamwaga au ndiyo ya kupikia?" Mara ya pili, karanga zikiwa zimeingia, alishika mfuniko, akanitazama, akasema, "Nafunika?" Niliuma ulimi. Akafunika, karanga ikapanda, akaiwahi. Maswali yote mawili yakaingia kwenye ujumbe, kila moja mahali pake. Mengine aliyapita bila kusita, na penye machozi aliita kwa sauti, "Mayu, imelia!" kabla sijaona mwenyewe.

Huu ndio ujumbe, kama nilivyoutuma:

*Michembe ya karanga ya Mayu, Bujora*
Walaji 6. Muda saa moja na dakika 45, nusu saa yake ni ya kuloweka.

*Kwanza vunja kipande kimoja.* Ndani kikiwa cheupe kama chaki ni michembe, endelea. Kikiwa kinang'aa kama pembe ni matobolwa: kwenye hatua ya 3 yape dakika 15 tu.

*Vitu*
Michembe mikavu, nusu kilo
Maji ya moto ya kulowekea
Maji ya kupikia, lita 2
Karanga mbichi kavu, robo kilo. Tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha saga unga bila kukaanga
Maji ya uvuguvugu, nusu lita
Chumvi, kijiko 1 cha chai

*Hatua*
1. Osha michembe mara mbili. Loweka kwenye maji ya moto nusu saa, kisha mwaga maji hayo.
2. Tumia sufuria ya lita 6 au zaidi. Karanga hupanda kama maziwa.
3. Tia michembe na lita 2 za maji, funika, moto wa wastani, kama dakika 40. Vunja kipande: ukiona mstari mweupe katikati, bado.
4. Maji yabaki usawa wa michembe. Yakizidi, funua yapungue.
5. Punguza moto. Koroga unga wa karanga na maji ya uvuguvugu pembeni mpaka pasiwe na donge, ndipo umimine. Tia chumvi. Kuanzia hapa usifunike.
6. Koroga mwiko ukigusa chini, kama dakika 20. Itanuka ubichi, kisha itanukia. Usiepue. Ngoja vitone vya mafuta vitokeze juu. Mayu anasema, "Bado haijalia." Ikilia, epua.
7. Iache dakika 10, itakuwa nzito yenyewe.

Mayu aliniomba nimsomee mara mbili. Nilipofika kwenye jina lake alijifuta mikono kwenye kitenge, kisha akaniuliza kwa nini sikuandika kuhusu samli. Nikamwambia samli anaitia yeye siku za wageni tu, na kila nyumba itajua yenyewe. Hakuridhika. Nilibaki na msimamo wangu, maana kitone cha samli kikielea juu ya sufuria kinafanana na chozi la karanga, na mpishi mgeni angeepua ikiwa mbichi.

Mfuko mwingine ukapanda basi Nyegezi, safari hii michembe ikiwa imevunjwa na kukaguliwa na watu wawili. Jumapili ya pili yake, baada ya misa, tulikuwa tumekaa kibarazani tukimenya viazi vya kuanika simu ilipotetemeka. Wifi alikuwa ametuma picha ya sufuria ikiwa bado motoni, bila neno lolote. Nikaikuza, nikampa Mayu. Aliishika mbali kidogo na macho, akaigeuza, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko anavyoangalia picha za wajukuu.

"Upande huu imelia," akasema, akigusa kioo kwa ukucha wenye wanga wa viazi. "Huku bado. Moto wake umeegemea upande mmoja. Mwambie azungushe sufuria."

Nikamwandikia wifi azungushe sufuria.